Kava la A32, lakini A32 ipi?

Mteja anapoandika "Naomba kava la A32", amesema kila anachokijua kuhusu simu yake, na muuzaji bado hajui ampe nini. Mwanzoni mwa 2021 Samsung walitoa Galaxy A32 mbili, moja ya 4G na nyingine ya 5G. Wengi hudhani tofauti yake ni kasi ya intaneti tu. Ukizipanga mezani zikiwa zimelala kifudifudi utaona ya 5G imeizidi mwenzake pande zote. A32 ya 4G ina urefu wa milimita 158.9, upana 73.6 na unene 8.4. A32 ya 5G ina urefu wa milimita 164.2, upana 76.1 na unene 9.1. Jina moja, miili miwili.

Tofauti hiyo ya urefu, milimita 5.3, ni kama unene wa penseli au pungufu kidogo. Kwenye picha ya tangazo haionekani hata kidogo. Kwenye kava inaonekana papo hapo: ya 5G haiingii kwenye kava la 4G hata ukilivuta, na ya 4G ikiwekwa kwenye kava la 5G hucheza ndani, tundu za kamera hukaa pembeni ya lenzi, na siku ikianguka simu huchomoka kabla ya kava kugusa sakafu. Kinachowaponza watu ni kwamba migongo ya simu hizi mbili inafanana mno. Zote zina kamera nne zilizopangwa kushoto juu, kila lenzi na pete yake, bila kile kisanduku cha kamera kilichoinuka ambacho kingesaidia kuzitofautisha. Mteja akitazama picha ya kava akalinganisha na mgongo wa simu yake, ataridhika kabisa. Hajakosea kutazama. Picha ndiyo haina cha kumwambia.

Kwa hiyo maelezo ya kava hayaanzi na rangi wala aina ya mpira. Yanaanza na namba ya modeli. Kwa Samsung ni ile inayoanza na SM. A32 ya 4G ni SM-A325, ya 5G ni SM-A326. Baada ya tarakimu hizo hufuata herufi, mfano F, B, M, N au U, kulingana na soko ambalo simu ilitengenezewa, na mara nyingi kwenye simu za laini mbili utaona pia /DS. Kwa muuza kava herufi hizo si kitu. SM-A325F na SM-A325M ni mwili uleule. Tarakimu tatu baada ya A ndizo za kuandika kwenye tangazo, na ukiziunganisha na herufi za mwisho utamtia mteja wasiwasi bure: atakuuliza kwa nini yake imeandikwa SM-A326U na wewe umeandika SM-A326B. Andika SM-A326, kisha ongeza "herufi ya mwisho yoyote".

Kumwelekeza mteja mahali pa kuipata namba hiyo kunahitaji sentensi moja tu, lakini iwe kamili. Kwenye Samsung ni Settings, kisha About phone chini kabisa ya orodha, kisha Model number. Aliyeweka simu yake kwa Kiswahili atakuta Mipangilio badala ya Settings, lakini mahali ni palepale, mwisho wa orodha. Mwambie asome Model number na si jina kubwa lililo juu ya ukurasa. Lile jina la juu mwenye simu anaweza kulibadilisha, na simu zilizopita mikononi mwa watu wawili watatu hukutwa zimeandikwa "Simu ya Mama Asha", au jina la simu ya bei kubwa kuliko yenyewe. Namba ya modeli haibadilishwi kwa kuandika.

Boksi la simu si ushahidi. Simu za mtumba huuzwa na boksi lolote lililokuwepo dukani, na hata boksi la kweli huenda likawa la simu ya awali ya mwenye nalo. Kava la zamani nalo halisaidii sana, maana huenda yeye mwenyewe aliuziwa lisilo lake akalizoea. Ukisikia mtu anasema "kava nililonalo linalegea kidogo lakini linaingia", hapo umeshapata jibu la swali ambalo hujauliza.

Mazungumzo ya kawaida ya kuuza kava yanapaswa kwenda hivi:

"Kaka, una kava la A32?"

"Lipo, dada. Ila A32 ziko mbili na kava zake haziingiliani. Alama ya kidole unaweka wapi, juu ya kioo au kwenye kitufe cha kuwashia?"

"Kwenye kitufe, pembeni."

"Basi yako ni ya 5G. Nitumie picha ya Model number ili nisikosee, halafu nakufungia mzigo."

Swali la alama ya kidole linafanya kazi kuliko kumuuliza mteja kama simu yake ni 4G au 5G. Watu wengi wakiulizwa hilo la pili hutazama alama ya mtandao juu ya kioo. Mahali pasipo na mnara wa 5G, simu ya 5G huonyesha 4G, naye anajibu kwa uaminifu kabisa "ni 4G". Umeuliza swali sahihi, umepata jibu la mnara badala ya jibu la simu. Alama ya kidole haina utata huo: A32 ya 4G inasoma kidole chini ya kioo, A32 ya 5G inasoma kwenye kitufe cha kuwashia kilicho ubavuni kulia.

Jambo hilohilo la kidole ndilo linalomwokoa muuzaji anapofungua mzigo wa jumla na kukuta vifurushi vimebandikwa karatasi iliyoandikwa "A32" tupu. Hutokea mara nyingi, hasa kwa kava za bei ya chini ambazo kiwandani zimepangwa kwa mafungu na dukani zikachanganywa. Tazama ubavu wa kulia wa kava. Kava la A32 ya 5G huwa limekatwa, pameachwa uwazi kwenye kitufe cha kuwashia ili kidole kigusane na chuma chenyewe. Kava la A32 ya 4G halina sababu ya kukatwa hapo. Kitufe hufunikwa na kinundu cha mpira kama vile vya sauti. Ukiona uwazi, weka upande wa 5G. Ukiona vinundu vitupu, weka upande wa 4G.

Halafu hakikisha kwa kipimo, maana kiwanda nacho hukosea. Huhitaji kuwa na simu zote dukani. Kata kadibodi ngumu kwa vipimo vya simu: moja milimita 159 kwa 73.5, nyingine 164 kwa 76. Zungusha pembe zake kidogo kama za simu, uandike juu namba ya modeli kwa kalamu ya wino usiofutika. Kadibodi ya 5G haitalala ndani ya kava la 4G, itabinuka katikati. Kadibodi ya 4G ndani ya kava la 5G italala, lakini utaona nafasi ya milimita tano upande mmoja. Kazi ya sekunde chache kwa kila kava. Usipime kava kwa nje kwa rula halafu ukaandika kipimo hicho kwenye tangazo, kwa sababu unene wa ukuta wa kava hutofautiana: kava jembamba la silikoni na kava gumu lenye pembe za kuzuia mshtuko, yote ya simu moja, yanaweza kupishana kwa milimita kadhaa kwa nje. Kipimo cha maana kwa mteja ni cha simu, si cha kava.

Na ukimwomba mteja apime simu yake, mwambie aivue kava kwanza. Ni jambo dogo, lakini asiyeambiwa hupima na kava, anapata milimita 163, na wewe unamfungia la 5G. Apime kwa rula ya shule, kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini wa mwili wa simu, si kioo. Akikosea kwa milimita moja si neno. Kati ya 159 na 164 hata mkono unaotetemeka hautachanganya. Kwa simu zinazopishana kwa milimita moja au pungufu, rula haina kazi, rudi kwenye namba ya modeli.

Sasa tangazo lenyewe. Chukua kava jeusi la silikoni la A32 ya 5G. Tangazo linalorudisha wateja na malalamiko huandikwa hivi: "Kava kali la Samsung A32, imara, linafaa A32 4G/5G, A33, A52, bei poa." Aliyeandika alitaka aonekane kwa kila anayetafuta. Ataonekana kweli, ila na watu ambao kava si lao, na kila mmoja wao ni safari ya bodaboda kwenda na kurudi. Tuseme kava ni shilingi 10,000 na bodaboda ni 3,000 kila safari. Likipelekwa, likarudishwa, na sahihi likapelekwa, usafiri pekee umekula 9,000. Hapo bado hujamtaja mteja aliyeamua kukaa nalo kimya na asirudi tena dukani kwako.

Tangazo la kava hilohilo linaloeleweka ni hili:

"Kava la Samsung Galaxy A32 5G, namba ya modeli SM-A326, herufi ya mwisho yoyote. HALIINGII Galaxy A32 ya 4G, SM-A325. Simu yako iwe inasoma alama ya kidole kwenye kitufe cha kuwashia, ubavuni kulia, na iwe na urefu wa milimita 164 hivi bila kava. Kuona namba: Settings, About phone, Model number. Ni la silikoni, jeusi. Ubavuni pameachwa uwazi kwa ajili ya kidole; chini kuna tundu la chaja na la hedifoni. Kifurushi kina kava moja, protekta ya kioo haimo. Unapoagiza tuma namba ya modeli pamoja na rangi."

Tazama mahali lilipowekwa neno HALIINGII. Limefuata mara tu baada ya jina la simu, kabla ya sifa yoyote. Wengi huliweka mwishoni, chini ya maelezo ya usafirishaji, mahali ambapo mtu aliyekwisha kuipenda picha hafiki. Na linataja simu moja tu, ile inayochanganywa nayo. Ukiandika orodha ya simu ishirini ambazo kava haliingii, msomaji ataruka zote, na ile moja iliyomhusu itapita nayo. Kila simu ina jirani yake mmoja au wawili wa kufanana jina. Hao ndio wa kutaja.

Kumjua jirani ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo kanuni za mkato huangusha watu. Baada ya kuungua na A32, muuzaji huamua kwamba kila 4G na 5G ni kava mbalimbali. Si kweli. Galaxy A52 ya 4G, SM-A525, na ya 5G, SM-A526, zina mwili mmoja wa milimita 159.9 kwa 75.1, unene 8.4. Hata A52s iliyokuja baadaye, SM-A528, ina vipimo hivyohivyo. Kava la moja linaingia kwenye zote tatu. Ukiandika tangazo la A52 na kumkataza mwenye 5G, umefukuza mteja aliyekuja na pesa yake mkononi. Lakini ukichukua mfano wa A52 ukaupeleka kwenye A22, utaharibu tena: A22 ya 4G, SM-A225, ina urefu wa milimita 159.3, na A22 ya 5G, SM-A226, ina 167.2. Pengo lake ni kubwa kuliko la A32. Hakuna sheria inayotoka simu moja kwenda nyingine. Kila jozi inaangaliwa yenyewe, mara moja, na jibu linaandikwa kwenye daftari la duka.

Xiaomi nao wana mtego wao, na unafanya kazi kwa njia mbili. Redmi Note 10 na Redmi Note 10S zina mwili mmoja, milimita 160.5 kwa 74.5, na kava moja huuzwa kwa zote mbili. Redmi Note 10 5G, ambayo kwa jina ni ndugu wa karibu zaidi, ina milimita 161.8 kwa 75.3 na unene wa 8.9 badala ya 8.3, na haiingii humo. Pacha wake halisi yuko kwenye ukoo mwingine kabisa: Poco M3 Pro 5G. Kava lililoandikwa Poco M3 Pro 5G ndilo linalomfaa mwenye Redmi Note 10 5G, na asiyejua hilo atamwambia mteja "halipo" huku limemning'inia juu ya kichwa. Namba zake za modeli hazisomeki kirahisi kama za Samsung. Note 10 huanza na M2101K7A, Note 10S ni M2101K7B, Note 10 5G ni M2103K19. Kwa hawa usimwombe mteja akutajie kwa mdomo kwenye simu, maana atasoma M, mbili, moja, sifuri, kisha mpotee wote wawili. Mwombe picha ya ukurasa wa About phone.

Kwenye Tecno na Infinix namba ndiyo msaada mkubwa kuliko yote, kwa kuwa majina yanatofautiana kwa neno moja la mwisho ambalo mteja hulidondosha. "Spark 10" ikitoka kinywani mwake inaweza kuwa Spark 10, Spark 10C au Spark 10 Pro. Ya kwanza ni KI5q, ya pili KI5k, ya tatu KI7. Vivyo hivyo "Hot 10" ya Infinix: Hot 10 yenyewe huanza na X682, Hot 10 Lite na X657, Hot 10 Play na X688. Kwenye tangazo andika jina zima na namba, na kama unayo picha ya mgongo wa kava ikionyesha tundu la kamera kwa ukaribu, iweke ya kwanza. Ukikuta mteja ana simu yenye alama ya kidole mgongoni, uliza kama tundu lake ni la mviringo au la mraba na liko wapi kutoka kamera. Kava lisilo na tundu hilo litaingia vizuri kabisa, na kesho yake atakupigia kusema simu haimtambui.

iPhone ni rahisi zaidi kwa namba na ngumu zaidi kwa kamera. Mteja akienda Settings, General, About, atakuta Model Name imeandikwa waziwazi, mfano iPhone 12, na hapo Name ndiyo inayobadilishwa na mwenye simu, si Model Name. Akigusa Model Number mara moja itageuka kutoka namba ya bidhaa kuwa namba inayoanza na A, kwa mfano A2403 ambayo ni mojawapo ya namba za iPhone 12. Kwa kawaida Model Name inatosha. Kuwa makini na SE: aliyesema "nina iPhone SE" anaweza kuwa na ile ya 2016, yenye urefu wa milimita 123.8, au ile ya 2020 au ya 2022, zenye urefu wa 138.4. Kava la iPhone 8 linazifaa hizi mbili za mwisho. Ile ya kwanza inataka kava la 5s.

Tatizo la kamera linaonekana kwenye XR na 11. Vipimo vya mwili ni sawa hadi nukta ya mwisho, milimita 150.9 kwa 75.7 kwa 8.3. Anayelinganisha kwa vipimo tu atasema kava ni moja. XR ina kamera moja, 11 ina kisanduku cha mraba chenye kamera mbili. Kava la XR likivalishwa iPhone 11 litaziba kisanduku. La 11 likivalishwa XR litaacha shimo kubwa mgongoni na vumbi litakaa humo. Ni vilevile kwa iPhone 13 na 13 Pro: urefu na upana ni sawa, lakini kisanduku cha kamera cha Pro ni kikubwa, hakipiti kwenye tundu la 13 ya kawaida. Mwaka mmoja nyuma yake, 12 na 12 Pro zinashirikiana kava bila shida. Ndiyo maana tangazo linaloandika "iPhone 12/12 Pro" ni sahihi na linaloandika "iPhone 13/13 Pro" ni kosa, ingawa yanaonekana kama ndugu.

Protekta za kioo hufuata mkondo wake, na mara nyingi ni kinyume cha kava. Kioo hakijali mgongo. Protekta ya XR ndiyo ya iPhone 11, ile ile, bila kupunguza wala kuongeza. Ya 13, 13 Pro na 14 ni moja. Kwa hiyo kama unauza kava na protekta pamoja kama seti, usiandike mstari mmoja wa simu zinazofaa. Andika miwili: kava linafaa hizi, protekta inafaa hizi. Mteja wa iPhone 13 Pro aliyesoma mstari mmoja "13, 13 Pro, 14" juu ya seti nzima atapokea protekta sawasawa na kava lisiloingia, naye atakuwa na haki.

Kwa A32 zetu protekta pia hazishirikiani, na si kwa ukubwa peke yake. Ya 4G ina kioo cha inchi 6.4, ya 5G inchi 6.5, na tundu la kamera ya mbele la 4G ni kama herufi U, la 5G kama V. Lakini kinacholeta malalamiko zaidi ni kidole. Kwa kuwa 4G inasoma kidole chini ya kioo, protekta nene au iliyogandishwa kwa gundi ya kingo tu, ikaacha hewa katikati, huzuia usomaji. Tangazo la protekta ya SM-A325 linapaswa kusema kama gundi imeenea kioo kizima, na kuongeza maelekezo mawili: ukishabandika, futa vidole vya zamani uvisajili upya juu ya protekta, kisha washa Touch sensitivity kwenye Settings, Display. Bila mistari hiyo mteja ataamini umemuuzia kitu kibovu. Kwenye SM-A326 suala hilo halipo.

Kuna kitu kingine kinachokutanisha kava na protekta ambacho matangazo hukisahau. Protekta inayofunika kioo hadi ukingoni kabisa, ikikutana na kava lenye mdomo unaobana kwa mbele, hunyanyuliwa pembe. Siku ya kwanza utaona upinde mdogo wa hewa, baada ya wiki vumbi limeingia. Mteja atalaumu gundi. Kabla ya kuuza seti, valisha kava kwenye simu iliyokwisha kubandikwa protekta uache saa kadhaa. Ikinyanyuka, andika kwenye tangazo la protekta kwamba haikai pamoja na kava lile.

Simu za kuigiza zinastahili tahadhari yake. Kuna simu inayojiita iPhone au Galaxy kwenye About lakini si hiyo, na imeundwa kwa mwili wa kiwanda kingine. Namba ya modeli itakuwa sahihi, kava litakuwa sahihi, na bado halitaingia. Ndiyo maana urefu kwa milimita unabaki kwenye tangazo hata pale namba inapoonekana kutosha: mteja akileta namba SM-A326 na kipimo cha 161, usimfungie mzigo. Mwombe aje na simu dukani, au atume picha ya ubavu wake wa kulia karibu na rula.

Mwisho ni oda yenyewe. Unapouza kwa WhatsApp kava za simu nyingi kwa picha moja, mteja hujibu picha kwa neno "hili" na rangi. Usifungashe kwa "hili". Mrudishie oda kwa maneno yako, mstari mmoja: "Kava jeusi, Samsung A32 5G, SM-A326, moja, Mbagala. Ni sawa?" Akijibu ndiyo, andika namba hiyohiyo kwa kalamu juu ya mfuko kabla ya kumpa bodaboda, kwa sababu bodaboda mwenye mifuko mitatu ya kava nyeusi za A32 hana njia nyingine ya kujua upi ni wa nani.